Swali Moja Baada ya "Tunasikitika"

Barua yenyewe huwa fupi. "Tunashukuru kwa nia uliyoonyesha ya kufanya kazi nasi. Tunasikitika kukujulisha kwamba safari hii hukufanikiwa. Tunakutakia kila la heri." Chini yake kuna jina la afisa ajira, basi. Aliyeipokea alipanda daladala mbili kwenda kwenye usaili, akakaa mbele ya jopo la watu watatu kwa dakika 45, akarudi nyumbani na kusubiri simu kwa wiki mbili. Sasa amejua kwamba hakupata. Asichojua ni swali lipi lililomwangusha.

Tumfanye huyo kuwa mfano wetu. Ni mhasibu wa Dar es Salaam, ana shahada na uzoefu wa miaka minne, na aliomba nafasi ya mhasibu mwandamizi katika kampuni ya kusafirisha mizigo. Hatutampa jina, maana wenzake ni wengi na barua anayotaka kuiandika sasa hivi imekwisha kuandikwa na wengi kabla yake, karibu kwa maneno yaleyale. Saa ya chakula cha mchana anaitoa simu na kuandika:

"Habari. Nimepokea barua yenu na kusema kweli nimeshangaa, kwa sababu niliona usaili ulikwenda vizuri na sifa zote zilizotajwa kwenye tangazo ninazo. Naomba kujua sababu zilizofanya nisichaguliwe na vigezo mlivyotumia. Natumaini nitapata majibu mapema iwezekanavyo."

Hakuna tusi humo, wala kelele. Mwandishi wake anaamini ameandika kwa adabu. Lakini ukikaa upande wa pili wa meza, barua hii inasomeka vingine kabisa.

Afisa ajira anapoona ujumbe wa mtu aliyekosa kazi, kabla hajafika kwenye swali lenyewe anatafuta jambo moja: huyu amekuja kujifunza au amekuja kubishana? Lugha ya ofisini ina maneno mawili yanayotenganisha mambo hayo. Kuna mrejesho na kuna rufaa. Anayeomba mrejesho ameukubali uamuzi na anauliza kuhusu kesho. Anayekata rufaa anaupinga uamuzi na anauliza kuhusu jana. Vyote viwili ni halali, ila kila kimoja kina mlango wake. Barua ya mhasibu wetu imebisha hodi kwenye mlango wa mrejesho huku mkononi imeshika karatasi za rufaa.

Tuitazame sentensi kwa sentensi. "Nimeshangaa" ni neno dogo, lakini linaliambia jopo kwamba limekosea. "Niliona usaili ulikwenda vizuri" linaweka hukumu ya msailiwa juu ya hukumu ya wasaili. "Sifa zote ninazo" ni hoja ya kweli ambayo haisaidii kitu, kwa sababu kila aliyeitwa kwenye usaili alikuwa nazo. Sifa za kwenye tangazo ndizo zilizotumika kuchuja rundo la maombi hadi wakabaki watu wachache. Ndani ya chumba cha usaili, zile shahada zimeshamaliza kazi yake na kinachopimwa ni kingine. "Sababu" na "vigezo" ni msamiati wa barazani. Na "mapema iwezekanavyo" inampangia muda mtu ambaye hadaiwi jibu.

Kuna sababu nyingine inayomfanya afisa asite, na wengi wanaoandika barua za namna hii hawaijui. Ni sheria. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kama jinsia, ujauzito, umri, ulemavu, dini na kabila, na inamhesabu mwombaji wa kazi kuwa analindwa sawa na mfanyakazi. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamlinda pia anayetafuta kazi, na shauri likifika mahakamani ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Hiyo ni kinga nzuri kwa mwombaji. Matokeo yake ya pembeni ni kwamba kila sentensi inayoeleza kwa nini mtu fulani hakuchaguliwa inaweza siku moja kusomwa mbele ya msuluhishi au hakimu. Kwa hiyo afisa akinusa ugomvi, anafanya anachofundishwa kufanya: anajibu kwa sentensi moja isiyosema lolote, au hajibu kabisa. Ndiyo maana neno "kwa nini" hufunga mdomo wa anayeulizwa. Linamtaka ajitetee, na kujitetea kuna gharama.

Swali la "nifanyie kazi nini" halina gharama hiyo. Halimgusi aliyechaguliwa, halilinganishi watu, halitaki alama. Linamtaka afisa atoe ushauri, na watu wengi wanapenda kutoa ushauri wakiombwa vizuri.

Lakini ushauri huo atautoa wapi? Hapa inafaa kujua kilichomo kwenye faili lake. Katika ofisi nyingi, aliyekuandikia barua ya kukukatalia hakuwa mwenye uamuzi. Alipanga ratiba, akapokea vyeti, pengine akakaa kwenye jopo kama katibu. Waliopima ni wengine, kwa kawaida meneja wa idara inayoajiri pamoja na wenzake. Kila mmoja wao alijaza fomu yake: upande mmoja vigezo, kama ujuzi wa kazi, mawasiliano na utatuzi wa matatizo, katikati nafasi ya alama, mara nyingi 1 hadi 5, na mwisho nafasi finyu ya maoni. Humo kwenye maoni ndimo kuna dhahabu, nayo huwa ni maneno machache: "Anajua kazi. Mifano ya jumla." Afisa hana zaidi ya hayo. Akiulizwa swali kubwa kama "naomba tathmini kamili ya usaili wangu", hana cha kujibu. Akiulizwa swali dogo linalolingana na mstari mmoja wa fomu, anaweza kulijibu kabla chai haijapoa.

Hilo pia ndilo linaloamua nani aulize na lini. Aliyeachwa kwenye mchujo wa makaratasi, kabla hajaonana na mtu, hana sababu kubwa ya kuandika. Faili lake lilitazamwa kwa muda mfupi na hakuna aliyeandika maoni. Mbona hata matangazo mengi yenyewe husema wazi kwamba watakaochaguliwa kwa usaili tu ndio watakaojulishwa? Aliyefika mbele ya jopo ana haki ya kimaadili ya kuuliza, kwa sababu kuna watu waliotumia muda juu yake na wakaandika jambo. Aliyefika raundi ya mwisho ana nafasi nzuri kuliko wote.

Kwa upande wa serikali mambo ni tofauti. Anayesailiwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma anapita kwenye mfumo unaoshughulikia watu wengi kwa pamoja, wenye mitihani ya mchujo na usaili wa mahojiano, na kumwandikia afisa mmoja mmoja kuomba ushauri binafsi si njia yake. Huko afuatilie akaunti yake na matangazo. Akumbuke pia kwamba kutopangiwa kituo hakumaanishi alishindwa: waliofaulu wakazidi idadi ya nafasi huhifadhiwa kwenye kanzidata, na wanaweza kupangiwa kazi baadaye.

Anayepata bahati zaidi ni aliyepitia kwa wakala wa ajira. Wakala analipwa na mwajiri anapompatia mtu, na mwombaji mzuri aliyekosa leo ni bidhaa yake ya mwezi ujao. Ana sababu ya kumweleza ukweli. Huyu hata kumpigia simu si vibaya, mradi ni saa za kazi.

Mhasibu wetu alikwenda moja kwa moja kwa mwajiri. Kwa bahati njema, kabla hajabonyeza kutuma, mwenzake mmoja wa ofisini alimwambia aiache barua hiyo ilale. Alilala nayo. Siku moja inatosha, na mbili si mbaya. Saa ileile ya kupokea barua hasira bado ina moto na itajipenyeza kwenye maneno hata kama mwandishi haioni. Wiki tatu baadaye fomu zimeshafungwa kwenye faili na wajumbe wa jopo hawamkumbuki tena. Asubuhi ya pili akaandika upya, akijibu kwenye barua pepe ileile iliyomletea habari ili mazungumzo yote yakae pamoja na afisa asihitaji kumtafuta. Baada ya salamu na jina la afisa, barua ikawa hivi:

"Nashukuru kwa kunijulisha, na kwa muda ambao jopo lilinipa Alhamisi ya wiki ile. Nimeupokea uamuzi wenu. Ninaendelea kuomba nafasi za mhasibu mwandamizi na ningependa kujiandaa vizuri zaidi. Kama utaratibu wenu unaruhusu, ningeshukuru kwa mstari mmoja tu: katika majibu yangu kuhusu usuluhisho wa hesabu za benki na ufungaji wa hesabu za mwezi, ni jambo gani moja ningelifanyia kazi kabla ya usaili mwingine? Kama haiwezekani, ninaelewa. Nawatakia kazi njema."

Sentensi inayobeba barua yote ni hii fupi: "Nimeupokea uamuzi wenu." Inafunga mlango wa rufaa kwa mkono wa mwombaji mwenyewe, na inafanya hivyo mapema, kabla ya ombi. Afisa akishaisoma, mabega yanashuka. Kinachofuata anakisoma kama ombi la mtu anayejipanga. "Kama utaratibu wenu unaruhusu" inampa njia ya kukataa bila aibu, kwani zipo kampuni zinazokataza kabisa kutoa mrejesho, na afisa wa huko hapaswi kulazimishwa achague kati ya ustaarabu na kazi yake. "Mstari mmoja" unamwambia kazi yenyewe ni ndogo kiasi gani. Kisha swali limetaja maeneo mawili yaliyozungumzwa kweli kwenye usaili. Mtu anayetaja swali halisi aliloulizwa anaonyesha kwamba amekaa akalifikiria, na anamsaidia afisa kujua atazame mstari gani wa fomu.

Kosa la upande mwingine nalo lipo, na kwetu huenda ni la kawaida zaidi kuliko kiburi. Ni unyonge. "Naomba unisaidie dada yangu, nina wadogo wananitegemea, niambie hata kwa siri nifanyeje." Mwandishi anadhani ananyenyekea, lakini ombi limegeuka. Halitaki tena mrejesho, linataka huruma, na afisa anaona anaombwa kazi kwa mlango wa nyuma. Hatari inazidi pale mtu anapotafuta namba binafsi ya mjumbe wa jopo na kumwandikia usiku, "Naomba tuonane tuongee." Katika nchi ambazo kila mtu anajua kazi huweza kununuliwa, maneno hayo yana maana ya pili, na mtu mwaminifu akiyapokea atayakimbia. Mwombaji msafi kabisa anaweza kuchafua jina lake kwa kuomba kuonana tu. Mrejesho uombwe kwa maandishi, kwenye anwani ya kazi, kwa mtu aliyewasiliana naye tangu mwanzo. Kama barua ya kukataliwa imetoka kwenye anwani ya mashine, ile inayoanza na noreply, basi aandikiwe yule aliyemwita kwenye usaili.

Zikapita siku saba bila jibu. Hapo inaruhusiwa kukumbusha mara moja, kwa sentensi mbili: "Naomba kukumbusha ujumbe wangu wa wiki iliyopita. Kama hamna nafasi ya kujibu, hakuna shida, na nawashukuru tena." Baada ya hapo ni kunyamaza. Kukumbusha mara ya tatu kunarudisha ile harufu ya kudai.

Safari hii jibu likaja baada ya ukumbusho:

"Asante kwa ujumbe wako. Jopo liliona una ujuzi mzuri wa kazi. Mifano yako ilikuwa ya jumla na haikuonyesha vya kutosha mchango wako binafsi. Aidha, aliyechaguliwa ana uzoefu wa karibu zaidi na sekta ya usafirishaji. Kila la heri."

Jambo la kwanza lililomjia mhasibu lilikuwa kujibu: "Lakini nilieleza mchango wangu, pengine haukusikika vizuri." Hapo ndipo barua nyingi nzuri hufia. Afisa amejitolea, amefungua faili, amesema jambo lenye maana, na malipo yake yanakuwa ubishi. Hatarudia tena, wala kwa huyu wala kwa mwingine. Hata kama jopo lilimsikia vibaya, kusikika vibaya nako ni taarifa: maneno yake hayakufika, na ni yeye atakayeyabeba kwenye usaili mwingine.

Kwa hiyo akayasoma tena, taratibu. Mrejesho una tabaka, na si kila sentensi ina uzito sawa. "Ujuzi mzuri wa kazi" ni adabu ya kufungulia. "Uzoefu wa karibu zaidi na sekta" inaweza kuwa kweli tupu, na inaweza kuwa pazia. Namna ya kupima ni kujiuliza kama sentensi hiyo ingeweza kuandikiwa yeyote kati ya waliokosa. Hii ingeweza. Isitoshe, hata ikiwa kweli, hakuna mazoezi ya jioni yanayompa mtu miaka ya sekta asiyoifanyia kazi. Aiweke pembeni. Lakini "mifano ya jumla, haikuonyesha mchango wako binafsi" haimfai kila mtu. Hiyo imetoka kwenye fomu.

Akakaa akakumbuka swali lenyewe. Jopo lilimuuliza: "Umekuta daftari la fedha linazidi taarifa ya benki kwa shilingi 4,300,000. Utafanya nini? Tupe mfano." Naye alijibu: "Huwa tunalinganisha miamala yote, tunaangalia hundi ambazo hazijapita, tunawasiliana na benki, kisha tunafanya marekebisho." Kila neno ni sahihi. Mwalimu wa uhasibu angempa alama zote. Ila jopo lilitaka mfano na yeye akatoa utaratibu, na lilitaka kumwona yeye na yeye akajificha ndani ya "tu-".

Hili linawapata Waswahili wengi, na asili yake si udhaifu. Mtoto hulelewa asijisifu. Mtu anayesema "mimi nilifanya, mimi nikafanya" mbele za watu huonekana hana adabu, na anayesema "tulifanya" huonekana mwungwana hata kama alifanya peke yake usiku kucha. Usaili wa siku hizi unakwenda kinyume na malezi hayo. Mjumbe wa jopo ana kisanduku cha kujaza alama za mtu mmoja, na akisikia "tulifanya" hajui ampe nani. Neno "huwa" nalo linamponza, kwa kuwa linaeleza desturi, nayo desturi haina tarehe wala kiasi wala matokeo.

Jibu jipya alilolitunga lilitoka kwenye kazi aliyoifanya kweli. "Mwezi wa Machi nilikuta daftari letu linazidi benki kwa 4,300,000. Nilianza na mapokezi makubwa, nikaona malipo ya mteja mmoja ya 3,900,000 yameandikwa mara mbili, kwa risiti na tena kwa taarifa ya benki. Zilizobaki, 400,000, zilikuwa makato ya benki ambayo hatukuwa tumeyaingiza. Nilisahihisha, nikamwonyesha meneja, kisha nikapendekeza mtu mmoja tu ndiye aingize mapokezi." Limekaa chini ya dakika moja, na ndani yake jopo linamwona mtu akifanya kazi.

Inafaa kuongeza kwamba maoni ya jopo moja ni maoni ya watu watatu katika asubuhi moja. Jopo jingine likimwambia hilohilo, basi ni lake. Likimwambia kinyume, atakuwa na cha kupimia.

Kuna hali ambayo yote haya hayafai. Iwapo jibu lingesema, "Tulihitaji mwanaume kwa sababu ya safari za bandarini," au lingetaja ujauzito wake, hapo hakuna cha kufanyia mazoezi. Hilo ni jambo la sheria. Tanzania lina mlango wake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na Kenya kwenye mahakama ya ajira. Wakenya waliosailiwa na taasisi ya umma wana pia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoitaka taasisi itoe uamuzi juu ya ombi la habari ndani ya siku 21. Mwenye shauri la kweli asisite kulifikisha huko. Ila lisiingizwe kwenye barua ya kuomba ushauri, maana afisa akiona kifungu cha sheria kwenye barua ya kwanza, anaipeleka kwa wakili wa kampuni na mazungumzo yanaishia hapo.

Mhasibu wetu hakuwa na shauri. Akamjibu afisa kwa sentensi mbili: "Nashukuru sana kwa muda wako. Umenisaidia kuona nilipowaacha gizani kuhusu kazi yangu mwenyewe, na nitalifanyia kazi." Hakuuliza swali la pili wala kuomba akumbukwe. Afisa atakumbuka, kwa sababu barua kama hizo hazimfikii nyingi. Pia aliyechaguliwa bado yumo kwenye kipindi cha notisi kwa mwajiri wake wa zamani, na watu hubadili mawazo katika wiki hizo wakiongezewa mshahara wabaki.

Jumamosi jioni akatoa daftari la kaunta, akaandika mifano mitatu ya kazi zake, kila mmoja ukiwa na mwezi, kiasi na matokeo. Akamwita mdogo wake amsikilize, akampa sharti moja: kila atakaposikia "tuli-", amkatishe na kuuliza nani. Mfano wa kwanza ulikatishwa mara sita.

"Tulipofunga hesabu za..."

"Nani, dada?"

"Mimi. Nilipofunga hesabu za Juni."